Picha ndogo ukutani: namna ya kuchagua maunti na fremu mpaka ionekane imewekwa makusudi

Nna picha moja ya bibi yangu, ya saizi ile ya kawaida ya studio, sm 10 kwa 15 na kidogo. Kakaa kitako kwenye kiti, kajifunga kanga mbili, mkono mmoja kauweka juu ya kimeza chenye maua ya plastiki, na ukiisogeza karibu na jicho unaona hata uzi uliochomoka kwenye pindo la kanga. Picha hii imeshapita mikononi mwa mafremu matatu mpaka sasa na mawili ya kwanza yote yalikuwa makosa, ndo maana naandika haya. Wengi tunazo picha kama hizi majumbani, kadi ndogo, picha za zamani za mji kama zile zinazouzwa Capital Art Studio pale Barabara ya Kenyatta hapa Zanzibar, vichoro vidogo vya mkono, na tukishazitundika zinaonekana kama stempu iliyobandikwa ukutani. Watu wanadhani tatizo ni udogo wa picha. Sio. Tatizo ni kwamba tunaanza na fremu.

Ami yangu alipoiona mara ya kwanza akasema tuikuze iwe A3. Tukaenda kuikuza, uso wa bibi ukawa kama umepakwa unga, macho hayaonekani vizuri tena, kwa sababu picha ndogo ya zamani ina habari chache na ukiivuta hivo hakuna kinachoongezeka isipokuwa ukungu. Kwa hiyo picha ibaki na udogo wake. Kinachokuzwa ni nafasi inayoizunguka.

Nafasi hiyo ndo maunti. Nikisema maunti nakusudia ile kadi nene yenye dirisha katikati, inayokaa baina ya picha na kioo. Ina kazi mbili, na kwa hapa kwetu ile ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Ya kwanza ni kulipatia jicho pahala pa kupumzika kabla halijafika kwenye picha. Ya pili ni kuinua kioo kisiguse picha. Unajua masika yetu yalivyo, Machi mpaka Mei, ukuta unatoka jasho, nguo kabatini zinanuka, na ndani ya fremu ni hivo hivo. Unyevu ukiingia baina ya kioo na karatasi ya picha, ule uso laini wa picha unalainika kisha unaganda kwenye kioo. Fremu ya kwanza ya bibi haikuwa na maunti, picha ilibanwa moja kwa moja na kioo, na baada ya masika mawili nikaona kwenye bega kuna doa linang'aa kama mafuta. Hiyo ndo dalili, sehemu inayong'aa tofauti na nyengine unapoitazama kwa ubavu. Ukiona hivo usivute! Ukivuta uso wa picha unabaki kwenye kioo. Mie nilivuta kidogo pembeni na kipande cha sm 1 kikaondoka, mpaka leo kinaniuma. Toa kioo pamoja na picha yake vile vile ilivyoganda, ipeleke ikapigwe skani kupitia kwenye kioo, na ile ya asili iache ilivyo.

Kwanza tengeneza nakala

Kama picha ni ya zamani na ni moja tu duniani, usitundike ya asili. Ipige skani kwa 600 dpi, chapisha nakala, ile ya asili iweke kwenye bahasha ya karatasi (sio mfuko wa nailoni, unafuga unyevu) mahala pakavu. Na unapoenda kuchapisha waambie maneno haya mawili. Moja, karatasi isiwe ya kung'aa, iwe mati, kwa sababu kioo tayari kinang'aa na ukiongeza karatasi ya kung'aa huoni kitu zaidi ya taa na mlango wako mwenyewe. Pili, picha yenyewe ibaki sm 10.2 kwa 15.2 lakini ichapwe katikati ya karatasi ya A5, ukingo mweupe ubaki pande zote. Ukingo huo hautoonekana, utafichwa na maunti, lakini ndo utakaokusaidia kuishika picha bila gundi. Ntaeleza mbele.

Upana wa maunti ndo uamuzi wenyewe

Hapa nataka tukae kidogo maana ndo pahala watu wanapokosea kuliko kwengine kote.

Ukienda kununua fremu iliyokuja na maunti yake tayari, mara nyingi utakuta maunti ya sm 2 au 2 na nusu, na fremu yenyewe ina uso wa sm 2. Ukitazama kwa mbali unaona nini? Mistari. Mstari wa ubao, mstari wa kadi, kisha picha. Jicho linaanza kuhesabu mistari badala ya kutazama picha, na picha ikiwa ndogo yenyewe inakuwa kama mstari mwengine tu. Kwa hiyo kanuni ninayoifuata siku zote, upana wa maunti na upana wa uso wa fremu visikaribiane kabisa. Kimoja kiwe kipana waziwazi na chengine kiwe chembamba waziwazi. Kwa picha ndogo kipana ni maunti. Angalau mara tatu ya fremu, na mie napenda zaidi ya hapo.

Kwa picha ya sm 10 kwa 15, maunti chini ya sm 5 kila upande naona ni haba. Sm 5 mpaka 8 ndo pazuri kwa chumba cha kawaida. Unaweza kufika sm 10 na zaidi, ukaitia ndani ya fremu ya sm 30 kwa 40, na ikapendeza sana kama inakaa peke yake kwenye ukuta mtupu, lakini hapo kila kitu lazima kiwe sawasawa kwa sababu kadi tupu ni nyingi na kosa dogo la kukata linaonekana kutoka mlangoni.

Kuna jambo la pili ambalo ukishaliona huwezi tena kutoliona. Ukiacha juu na chini sawasawa kwa rula, picha inaonekana kama imeteremka, kama inataka kudondoka. Jicho la mtu linaweka katikati yake juu kidogo kuliko katikati ya rula. Kwa hiyo chini unaacha pana kuliko juu, kwa picha ndogo tofauti ya mm 5 mpaka 10 inatosha. Ukizidisha sana watu wanaanza kuona tofauti yenyewe, na hutaki waione, unataka tu wahisi picha imetulia.

Hesabu ya picha ya bibi ilikuwa hivi. Hapa kwetu fremu rahisi kupata kuliko zote ni ya A4, ile ya kutilia vyeti, yaani sm 21 kwa 29.7, na hata ukichongesha kwa fundi ni vizuri kushika saizi hiyo kwa sababu kioo na kadi zake hazina shida. Dirisha la maunti lazima liwe dogo kidogo kuliko picha ili lishike kingo zake, mie nilichukua mm 3 kila upande. Picha ni 10.2 kwa 15.2, ukitoa mm 6 kwenye kila kipimo unapata dirisha la sm 9.6 kwa 14.6.

Sasa upana: 21 toa 9.6 inabaki 11.4, gawa kwa mbili, sm 5.7 kila ubavu. Urefu: 29.7 toa 14.6 inabaki 15.1. Hizi huzigawi sawa, juu nilitia 7.1 na chini 8.0. Basi. Kuna kitu kimoja watu wanasahau, fremu ina kile kidaraja cha ndani kinachoshika kioo na kinakula kama mm 5 za maunti pande zote, kwa hiyo kitakachoonekana kwa macho ni 5.2 ubavuni, 6.6 juu na 7.5 chini. Bado ni zaidi ya mara tatu ya fremu ya sm 1.5, tuko salama. Kama ungeanza na maunti ya sm 2 na nusu kidaraja kingekuachia 2 tu, na ndo maana zile za kununua zinaonekana nyembamba kuliko ulivyozikumbuka dukani.

Kabla hujakata kitu cha pesa, jaribu kwa karatasi. Chukua karatasi ya A4 ya kawaida, kata dirisha hilo, weka nakala ya picha nyuma, bandika ukutani kwa maskin tepu pale pale unapotaka kuitundika, kisha rudi nyuma mpaka mlangoni. Iache siku mbili tatu. Mie nilifanya hivi na nikagundua kwamba juu nilikuwa nimeacha pana mno, siku ya kwanza sikuona, siku ya pili asubuhi nikapita na kikombe cha chai nikaona mara moja.

Rangi ya maunti

Usikimbilie nyeupe. Tazama pahala peupe kuliko pote kwenye picha yako. Kwa picha za zamani nyeusi na nyeupe, ile nyeupe sio nyeupe, ina umanjano kidogo, na ukiizungushia kadi nyeupe kama karatasi ya fotokopi (ambayo ukiitazama vizuri ina ubuluu ndani yake) picha inaonekana chafu, kama iliyokaa jikoni. Maunti isizidi weupe wa picha. Kwa picha ya bibi nilichukua rangi ya tui la nazi la kwanza, lile zito, na ghafla ile kanga ikawa na weupe wake tena. Chukua vipande viwili vitatu vya kadi, simama navyo karibu na mlango mchana, kisha vitazame tena usiku kwa taa ya chumba chenyewe, kwa sababu kadi iliyopendeza kwa jua inaweza kuwa ya kijani chini ya taa ya nyumbani.

Nyeusi kwa picha ndogo siipendi, inageuka shimo. Na zile kadi za rangi, waridi, buluu, manjano, watu wanazitia ili ziendane na kochi au pazia, na hapo unaambiwa utazame kochi. Kama lazima utie rangi basi itoke ndani ya picha yenyewe, rangi iliyopo kidogo tu, na uipoze isiwe kali kama ilivyo kwenye picha.

Kuhusu kadi yenyewe niseme kweli. Ile kadi nene nzuri isiyo na asidi, ya unene wa kama mm 1.4, haipatikani kila duka la stesheneri, wengine wanaagiza Dar. Kinachopatikana kirahisi ni manila. Manila moja peke yake ni nyembamba, inapinda na haiinui kioo vya kutosha. Nnachofanya ni kukata manila ya rangi ya tui iwe uso, na nyuma yake naweka fomubodi ya mm 5 ambayo dirisha lake nimelikata kubwa kidogo, mm 3 zaidi kila upande, lisionekane kwa mbele. Manila inakaa juu ya fomubodi, kunapatikana kivuli kidogo kuizunguka picha, na kivuli hicho kinaipa picha kina ambacho manila peke yake haina. Mafundi wa mabango ndo wenye fomubodi, na mara nyingi wana vipande vilivyobaki.

Lakini manila na kadibodi za bei rahisi zimetengenezwa kwa rojo la miti lenye asidi, na asidi hiyo inatembea. Dalili yake ni mstari wa kahawia unaoanza pale makali ya dirisha yanapokutana na picha, kama umechorwa kwa chai. Kwa nakala haina neno, baada ya miaka kadhaa unabadilisha kadi na hata nakala yenyewe. Kwa picha ya asili au kichoro cha mkono, usitie manila kabisa, subiri upate kadi nzuri.

Kukata dirisha

Chora upande wa nyuma, sio mbele, kwa penseli iliyochongwa vizuri. Usichore ubavu kwa ubavu ukidhani kadi imekatwa mraba, pima kutoka kila ukingo mara mbili, juu na chini, kisha unganisha nukta. Weka kadi chakavu chini, shika rula ya chuma, na tia wembe mpya. Wembe mpya sio anasa, wembe uliochoka unachana nyuzi za kadi na makali yanatoka na manyoya ambayo yataonekana chini ya kioo daima. Pita mara ya kwanza kwa wepesi, kuweka njia tu, mara ya pili na ya tatu ndo unakata. Pembeni ndo penye mtihani. Usisimame kabla ya kona halafu ukavuta kipande, kitachanika. Fika mpaka kwenye kona yenyewe bila kuipita, kisha maliza kila kona kwa ncha ya wembe. Pakibaki kinyuzi, kikate.

Ukataji wa mshazari, ule unaoacha ukingo mweupe ulioinama, unapendeza kwenye kadi nene na una chombo chake. Kwa manila kata wima tu.

Kuishika picha bila gundi

Hapa wengi wanapaka gundi nyuma ya picha nzima au wanazungusha selotepu pande zote nne. Karatasi inakunywa unyevu, inatanuka wakati wa mvua na kunywea wakati wa kaskazi, na ikishikwa pande zote haina pa kwenda, inajikunja katikati kama mawimbi. Ukiona picha ukutani imefanya mawimbi, aliyeifunga aliibana pande zote. Na selotepu yenyewe inageuka manjano na gundi yake inavuja.

Tengeneza pembe za karatasi. Kata kipande cha karatasi safi sm 2 kwa 5, kunja ncha zote mbili zishuke zikutane katikati, unapata kipembetatu chenye mfuko, kama unakunja sambusa. Tengeneza nne. Vivike kwenye pembe nne za ile karatasi ya A5, kisha bandika vipembe hivyo (sio picha) kwenye kadi ya nyuma kwa kipande cha tepu ya karatasi. Juu acha nafasi ya mm 1 baina ya pembe na karatasi ili ikitanuka iwe na njia. Sasa unaona kwa nini niliomba ukingo mweupe, bila ya ukingo vipembe vingeingia ndani ya dirisha na kuonekana. Maunti nayo iunganishe na kadi ya nyuma kwa tepu upande wa juu tu, ifunguke kama jalada la kitabu, uilaze, utazame, urekebishe, uilaze tena.

Fremu, mwisho kabisa

Sasa ndo unachagua fremu, na kwa kuwa maunti imeshafanya kazi kubwa, fremu inabaki na kazi ndogo ya kuchora mstari. Uso wa sm 1 mpaka 2, ulio bapa, bila mapambo. Zile fremu za vyeti zenye mstari wa dhahabu ndani zinafanya kila kitu kionekane ni cheti, na bibi yangu hakuhitimu popote, kakaa kapiga picha. Fremu ya pili ya bibi ilikuwa hiyo. Uso mwembamba lakini kina kirefu, yaani ubao unaotoka ukutani sm 2 na nusu au 3, ndo unaoifanya picha ndogo iwe na uzito.

Angalia ukuta. Kuta zetu nyingi ni chokaa au rangi nyeupe. Maunti ya tui, fremu nyeupe na ukuta mweupe, vyote vinayeyuka na picha inabaki inaelea peke yake, ndogo zaidi kuliko ulivyoanza. Hapo mbao nyeusi au kahawia nzito ndo inayokata. Ukuta wenye rangi nzito unabeba fremu nyepesi bila shida.

Mie nilichongesha kwa seremala wa mtaani kwa mfenesi. Mfenesi ukikatwa ni manjano kabisa, usitishike, baada ya muda na hewa unatulia kuwa kahawia, ndo mbao hiyo hiyo ya samani nyingi za zamani hapa kwetu. Nilimwambia hivi: uso sm 1.5, kina sm 2.5, kidaraja cha ndani upana mm 6 na kina kiwe mm 15, na nafasi ya ndani iwe A4 na mm 2 zaidi. Kina cha kidaraja usikiache fundi akikadirie, panga vitu vyako juu ya meza na upime: kioo mm 2, manila na fomubodi karibu mm 6, kadi ya nyuma na picha mm 1, hadibodi mm 3. Jumla mm 12. Kidaraja cha mm 8 kingekuachia hadibodi imetokeza nyuma na misumari haina pa kushika.

Muulize pia mbao imekaushwa muda gani. Ubao mbichi unakauka ukiwa tayari kwenye fremu na pembe zinaachia, unaona kiufa chembamba kinachoanza upande wa ndani wa kona. Fremu ikiwa tayari ipime kwa uzi kutoka kona hadi kona, kisha kona zile nyengine. Uzi ukitofautiana hata mm 3, fremu imekaa upande na maunti yako uliyoikata kwa uangalifu itaonekana imepinda, watu watakulaumu wewe. Mrudishie kwa adabu, "fundi, naomba uniangalizie hii kona", hatokataa.

Kioo tia cha mm 2. Kwa saizi ya A4 kina uzito wa kama gramu 300, kwa hiyo fremu nzima ni nyepesi. Kisafishe, kiache kikauke kabisa kabisa kabla hujafunga, maana maji utakayoyafungia humo ndani hayatoki. Na usifunge siku ya mvua kama unaweza kusubiri.

Ukishafunga hadibodi, zungushia tepu ya karatasi kwenye mpaka wake na ubao, vumbi na wadudu wanaokula karatasi wanapita hapo.

Ukutani

Kuta za mawe na chokaa, hasa Mji Mkongwe, zinavuta maji kutoka chini na kuyatoa pamoja na chumvi, ndo maana rangi inapukutika kila mwaka pale pale. Fremu ikilala bapa kwenye ukuta kama huo, mgongo wake unakunywa. Nilikata vipande vinne vya mpira kutoka kwenye ndara iliyokatika, unene wa mm 5 hivi, nikavibandika pembe nne za nyuma. Hewa inapita, na faida nyengine fremu haitelezi ikaenda upande. Ukuta unaoelekea nje kwenye mvua, au ulio nyuma ya choo, usitundike kitu cha karatasi kabisa.

Msumari ukipigwa kwenye plasta ya chokaa unamwaga unga na kulegea. Toboa taratibu kwa drili bila ile nyundo yake, tia plagi ya plastiki, kisha skrubu. Na tia mbili sio moja, zipishane sm 10, fremu ndogo ikiwa na msumari mmoja kila mlango ukifungwa kwa nguvu inageuka.

Urefu, wanasema katikati ya picha iwe kama sm 145 au 150 kutoka chini, na hiyo ni kwa chumba cha kupita watu wima. Kwetu ukumbini watu wanakaa mkekani au kwenye makochi mafupi, mie niliteremsha mpaka sm 125 na ndo ikawa sawa. Juu ya kochi acha sm 15 mpaka 20 kutoka mgongo wake, ukiacha zaidi picha inajitenga na kochi. Na usiielekeze dirishani, kioo kitakuonesha dirisha, na jua litakula wino wa nakala.

Kama una picha ndogo tatu nne, kila moja ifanyie maunti ya vipimo vile vile hata kama picha zenyewe zinatofautiana kidogo, fremu aina moja, na baina ya fremu na fremu acha sm 5, pungufu ya maunti yenyewe kidogo au sawa nayo. Nafasi ikizidi maunti, kundi linavunjika na unarudi kwenye stempu zako.

Masika yakiisha, mwezi wa sita hivi, ishushe fremu mara moja, igeuze, papasa hadibodi kwa kiganja na uinuse. Ikiwa baridi na ina harufu ya kabati, ifungue, iache wazi ndani ya nyumba mchana mzima mbali na jua, tazama kama manila imepinda au ina vidoa vya kahawia, badilisha kadi ya nyuma kama imekunywa, kisha funga upya na tepu mpya. Ya bibi mwaka huu nimeifungua, ilikuwa kavu.